Tangi la marehemu baba: lebo imefutika, nina picha moja tu. Ni la lita ngapi?

Kibuyu_Kikavu
Wakuu, habari za jioni. Kuna tangi jeusi la plastiki aliloacha marehemu baba, liko kwa shemeji yangu, safari ya siku nzima kutoka nilipo. Tumekubaliana nilichukue. Huku kwangu fundi wa kuchomelea yuko tayari kuanza mnara wa kulikalisha, na swali lake la kwanza ni "la lita ngapi?" Shemeji anasema "kubwa kiasi". Nikamwomba picha, akapanda ngazi ya nyumba akapiga moja, saa sita mchana, jua la utosi.

Picha nimeiweka. Kwa wenye bando la kuhesabu, inaonyesha hivi: tangi la duara lililosimama, lina mbavu za mlalo kuanzia chini hadi begani. Ubavuni kuna alama ya lebo iliyobanduka, imebaki gundi tu. Chini yake kuna mstatili hafifu wenye maandishi ya rangi ileile nyeusi, lakini bomba la kupandisha maji limepita mbele yake. Ninachosoma ni "00" mwishoni, na kabla yake nusu ya tarakimu yenye tumbo la mviringo kwa chini. Chini kabisa kuna pembetatu ya mishale yenye 4 ndani. Kwenye mfuniko kuna 450, na pembeni kiduara kama saa, chenye mshale.

Nataka kujua mawili: ni la kampuni gani, na linabeba lita ngapi.

Ndoo_Ishirini
Jibu si umelisoma mwenyewe? Mfuniko umeandikwa 450. Ni tangi la lita 450. Na hiyo 4 kwenye pembetatu ni daraja la ubora. Mwambie fundi ajenge mnara wa nusu tani, mchezo umeisha.

Fundi_Koki
Lita 450 tangi lenye mbavu tisa? Angalia na mlango wa stoo nyuma yake. Fundi akijenga wa nusu tani, msiba utakuwa wa pili.

Kibuyu_Kikavu
Ndiyo maana nimekuja hapa @Ndoo_Ishirini. Kwa kumbukumbu zangu za utotoni lilikuwa limenizidi urefu, ingawa kila kitu kilikuwa kimenizidi urefu wakati ule.

Mzee_wa_Kalibu
Nimefanya kazi kiwanda cha matangi kwa miaka, upande wa tanuri, kwa hiyo ngoja nisome picha kidogo.

Kwanza pembetatu. 4 si daraja, inataja aina ya plastiki, polithilini ya uzito mdogo. Ukiikuta 2 ni polithilini ya uzito mkubwa. Haikwambii lita wala kampuni. Ipite.

Pili, mfuniko. Kile kiduara ni saa ya tarehe. Nimekikuza: mshale umeelekea 6, na tarakimu mbili zilizogawanywa na mshale ni 1 na 7. Maana yake mfuniko huo ulitoka kwenye kalibu Juni 2017. Nasema mfuniko, sisemi tangi. Mifuniko hupeperuka na upepo, hupasuka, watu hununua mingine. Tangi linaweza kuwa la zamani kuliko hapo.

Na 450 si lita. Mfuniko hutengenezwa kwa mashine yake, na mfuniko uleule hukaa kwenye matangi ya ukubwa tofauti, kwa hiyo haiwezekani uandikwe lita za tangi. Hiyo ni milimita, upana wa mdomo ambao mfuniko huo unaufunika. Usiitupe lakini. Hiyo ndiyo rula yako.

Kibuyu_Kikavu
Rula kivipi mzee wangu?

Mzee_wa_Kalibu
Picha haina vipimo, ina pikseli tu. Ukijua kitu kimoja ndani ya picha kina milimita ngapi, unaweza kuhesabu vingine. Na mfuniko uko mahali pazuri: umekaa katikati ya tangi, kwa hiyo umbali wake kutoka kwenye kamera unakaribiana na umbali wa zile kingo mbili za tangi unazoziona kushoto na kulia. Kwa kuwa shemeji alipiga akiwa ngazini, mfuniko unaonekana kama yai. Pima upana mrefu wa hilo yai, si ule uliobonyea.

Nimepima kwenye picha yako. Mfuniko ni pikseli 312. Upana wa tangi ukingo hadi ukingo ni 880. Kimo cha ukuta kutoka chini hadi begani, nimefuata ukingo wa pembeni, ni 905.

Nikichukua mfuniko kuwa 450, kila pikseli ni milimita 1.44. Kipenyo kinakuja mita 1.27, kimo mita 1.31. Kipenyo mara kipenyo, mara kimo, mara 0.785: lita kama 1650.

Sasa shida. 450 ni mdomo au ni mfuniko wenyewe? Mfuniko lazima uvuke mdomo kidogo ili uufunike. Nilichopima kwenye picha ni ukingo wa nje wa mfuniko. Ukingo huo ukiwa 480, hesabu ileile inatoa kipenyo mita 1.35, kimo 1.39, na lita kama 2000.

Ndoo_Ishirini
Sentimita 3 za mfuniko zimezaa lita 350? Hapo mzee umetupiga changa la macho.

Mzee_wa_Kalibu
Hesabu mwenyewe. 480 imezidi 450 kwa asilimia 7 hivi. Lakini kosa hilo linaingia kwenye upana, linaingia tena kwenye upana wa upande wa pili, halafu linaingia kwenye kimo. Mara tatu. Linatoka likiwa asilimia 21. Ndiyo maana picha pekee hainipi namba moja, inanipa kati ya 1650 na 2000, na hapo nimepima kwa uangalifu. Anayekuangalizia picha akakwambia "hili ni 1740" anakutania.

Bawabu77
Samahani naingilia. Mimi nina lile la mraba jeupe lenye kizimba cha chuma, nalo limeandikwa vitu vingi: 31HA1/Y halafu namba namba. Hiyo 31 ni lita elfu 31? Nataka niwekee maji ya kunywa.

Fundi_Koki
Elfu 31 ungehitaji lori la mafuta ndugu yangu. La kizimba la kawaida ni lita 1000.

Mzee_wa_Kalibu
@Bawabu77, hiyo ni lugha nyingine kabisa. 31HA1 ni aina ya chombo: ganda gumu la plastiki ndani ya kizimba, la kusafirishia vimiminika. Y inasema limepimwa kwa mizigo ya hatari ya kiwango cha kati na cha chini. Zinazofuata ni mwezi na mwaka wa kutengenezwa, nchi, mtengenezaji, kisha uzito wa kupangia juu yake na uzito wa juu kabisa likijaa. Lita ziangalie kwenye bamba la chuma lililopigiliwa kizimbani.

Ila soma tena nilichoandika: mizigo ya hatari. Alama hiyo haikwambii lilibeba nini. Hilo lilikuwa kwenye stika ya mwenye mzigo. Kama hujui lilibeba nini, usinywee.

Bawabu77
Stika ilishabanduliwa na aliyeniuzia. Lakini halinuki.

Mama_Pili
"Halinuki" si jibu, ndugu. Mwagilia mchicha wa jirani usiyempenda. (Natania. Usimwagilie.)

Turudi kwa Kibuyu. Kwa nini asimwambie shemeji abandike karatasi ya A4 kwenye tangi na kupiga picha upya? Karatasi inajulikana, kimo chake milimita 297. Hatuhitaji kubishana na mfuniko.

Ndoo_Ishirini
Naunga mkono. Hiyo ndiyo akili. Karatasi katikati ya tumbo la tangi, picha moja, kwisha.

Mzee_wa_Kalibu
Karatasi sawa. Katikati ya tumbo, hapana. Tumbo ndilo sehemu iliyo karibu zaidi na kamera, na kitu kilicho karibu huonekana kikubwa. Kingo za tangi ziko nyuma zaidi, kwa hiyo zinaonekana zimebanana. Ukitumia karatasi ya tumboni kupimia upana wa kingo, tangi linapungua.

Linapungua sana. Chukua tangi la kipenyo cha mita 1.33, mpiga picha yuko mita 3 kutoka katikati ya tangi. Karatasi ya tumboni itakwambia kipenyo ni mita 1.06. Hata kimo ukikipata sawasawa, lita zimepotea zaidi ya theluthi moja. Rudi nyuma hadi mita 10 halafu uvute kwa kamera, kosa la kipenyo linashuka hadi asilimia 6 au 7. Bado lipo.

Dawa ni kuiweka rula pembeni ya tangi, sambamba na sehemu pana kabisa. Mtu asimame ubavuni ameshika ufito wa mita moja wima, bega lake likiwa usawa wa katikati ya tangi, si mbele wala nyuma. Mpiga picha asogee mbali, asimame usawa wa nusu ya kimo.

Ndoo_Ishirini
Nimeenda uani kujaribu, kwa sababu sipendi kuambiwa. Tangi langu stika ipo, lita 1000. Nimebandika A4 tumboni, nikapiga nikiwa hatua nne. Nimepata lita 690.

Nanyamaza kidogo.

Fundi_Koki
Piga skrini shoti mtu ametamka "nanyamaza".

Kibuyu_Kikavu
Nimefurahi sana huu uzi. Je, maandishi ya kwenye mstatili? "00" na ile nusu tarakimu. Hayawezi kutuondolea ubishi?

Mzee_wa_Kalibu
Yanaweza kusaidia. Tuanze na kilichopo. Tarakimu yenye tumbo la mviringo kwa chini inaweza kuwa 0, 3, 5, 6, 8 au 9. Siyo 1, 2, 4 wala 7. Weka hiyo pamoja na vipimo vya picha: 1800 inaingia, 2000 inaingia. 1500 inabaki nje kidogo, 2300 inaanguka.

Mama_Pili
Na galoni? Mbona mnasoma kana kwamba lazima iwe lita. Ikiwa tarakimu ni 5 na hakuna kitu mbele yake, ni 500. Galoni 500 za Kimarekani ni lita 1893. Hiyo imo katikati ya makadirio yenu. Za Kiingereza ni 2273, hizo zinapitiliza.

Mzee_wa_Kalibu
Hilo sikuliwazia, na siwezi kulikataa kwa picha hii. Nafasi ya kulia ambako kungekuwa na L au neno la galoni imemezwa na kivuli cha ubavu.

Kibuyu, tatizo la picha yako ni jua la utosi. Yale maandishi hayana wino. Kalibu ilichongwa, unga wa plastiki ukayeyukia humo, ukatoka na herufi zilizoinuka milimita chache, nyeusi juu ya nyeusi. Kinachozionyesha ni kivuli tu. Kwa hiyo hazifutiki na jua kama lebo, lakini mwanga ukizipiga kwa mbele zinapotea. Mwambie shemeji asubiri giza, aegemeze tochi kwenye ukuta wa tangi, mwanga ukwaruze ubavu kutoka pembeni, apige picha bila flashi. Bomba likiwa linaziba, atumie karatasi nyembamba: aipitishe nyuma ya bomba, aisugue kwa ubapa wa mkaa. Herufi zitajichora zenyewe.

Kibuyu_Kikavu
Shemeji atadhani nimerukwa na akili, lakini kuna mpwa wangu wa miaka kumi na tatu pale. Huyo kazi za tochi na mkaa ndizo zake. Nimtume na nini kingine akiwa hapo?

Fundi_Koki
Uzi. Uzi wa kufungia, si huu. Azungushe tangi mara moja kwenye bonde kati ya mbavu mbili, si juu ya ubavu. Aweke alama, anyooshe chini, apime kwa futi. Halafu kimo kutoka sakafuni hadi chini ya tundu la kufurikia. Na upana wa mfuniko, tumalize kesi ya mzee.

Kibuyu_Kikavu
(Kesho yake, usiku)

Mpwa amerudi na ripoti kama mpelelezi. Mzingo bondeni: mita 4.19. Kimo hadi chini ya tundu la kufurikia: mita 1.36. Mfuniko nje kwa nje: sentimita 48. Ameufungua akapima mdomo: 45 na kidogo.

Na karatasi ya mkaa nimeipata kwa picha. Inasomeka 2000. Mbele kuna 2 safi kabisa, ilikuwa yote nyuma ya bomba. Baada ya sifuri ya mwisho kuna L, halafu mstatili unaisha.

Ndoo_Ishirini
Mdomo 45, mfuniko 48. Mzee nakuvulia kofia. Na galoni ndiyo basi tena, dada Mama_Pili.

Mama_Pili
Nimekubali. Lakini fanyeni hesabu ya uzi muone. Mzingo mara mzingo, mara kimo, gawa kwa 12.57. Mimi napata lita 1900, siyo 2000. Zile 100 zimeenda wapi?

Mzee_wa_Kalibu
Swali zuri. Kwenye tangi hilo kila sentimita moja ya kimo ni lita 14. Lita 100 ni sentimita 7. Kutoka tundu la kufurikia hadi begani kuna sentimita kama 3, hizo ni lita 40 na ushee. Zinazobaki ziko kwenye paa la tangi, lile kuba kati ya bega na mdomo. Pia uzi umepita bondeni, na kila ubavu unaotokeza nje una maji kidogo ndani yake. Kwa hiyo 2000 inaonekana kuwa imehesabiwa kupita tundu la kufurikia. Si uongo, ila maji hayo hutayatumia kamwe. Na yale ya chini ya koki nayo hutayatumia.

Fundi_Koki
Mimi sikubali moja kwa moja. Mara nyingi tundu la kufurikia hutobolewa na fundi bomba wakati wa kufunga, si kiwandani. Huenda kiwanda kilikusudia liwe juu zaidi, fundi akatoboa mkono wake ulipofika. Mpwa aangalie kama tundu liko kwenye sehemu iliyosawazishwa, kwa sababu kalibu nyingi huacha kibapa pale panapotakiwa kutobolewa.

Mzee_wa_Kalibu
Inawezekana. Kibapa kikiwa juu na kitupu, Fundi_Koki ameshinda.

Kibuyu_Kikavu
Nitamwuliza. Na kampuni je? Kwenye mkaa, juu ya 2000 kuna kitu kama jani na herufi tatu, sijawahi kuziona popote. Na kwenye kona nne za mstatili kuna viduara vidogo.

Mzee_wa_Kalibu
Hivyo viduara ni vichwa vya skrubu. Mstatili wote ni bamba lililofungwa ndani ya kalibu, linalotolewa na kuwekwa jingine. Leo unamtengenezea huyu, bamba lake. Kesho mwingine analeta oda, unafungua skrubu nne, unaweka lake. Ganda ni lilelile. Kwa hiyo jani na herufi tatu vinakwambia nani aliyeagiza, havikwambii nani aliyelioka. Tulikuwa na kalibu moja iliyotoa matangi ya majina matatu.

Ukubwa nao uko kwenye bamba hilohilo, na nimewahi kuona bamba la lita likisahauliwa kwenye kalibu isiyo yake. Ndiyo sababu sikutaka uamini maandishi peke yake. Kwako maandishi, uzi na picha vimekutana, nimetulia.

Mama_Pili
Kwa hiyo mnara ni wa 1900 au 2000?

Fundi_Koki
Mnara hausikilizi tundu la kufurikia. Tundu likiziba na boya likikwama, maji yanapanda hadi mdomoni. Mwambie fundi ahesabu tani 2 na robo, tangi lenyewe likiwa ndani, halafu aongeze kiasi chake cha usalama kama kawaida ya kazi. Na juu asiweke vyuma vyenye mianya. Tako la tangi la plastiki linataka kulala lote, ubao mnene au zege, bila kokoto chini yake. Likining'inia kati ya vyuma viwili, linabonyea hapo na ufa unaanzia hapohapo.

Kibuyu_Kikavu
Nimempelekea sasa hivi. Amejibu, "Nilikuwa nimeshakata vyuma vya lita elfu." Kumbe hakunisubiri.

Ndoo_Ishirini
Bora elfu, mimi ningemkatisha vya 450.

Bawabu77
Wakuu, nimekuta bamba kizimbani, limeandikwa 1000 kweli. Mwaka kwenye alama ni 11. Hilo la kulijua lilibeba nini, hakuna hata alama ya pili?

Kibuyu_Kikavu
Mpwa amerudi: kibapa kipo, juu ya tundu kama vidole vinne, hakijatobolewa.

Fundi_Koki
😎

Mzee_wa_Kalibu
Vidole vinne vya mtoto ni kama sentimita 6. Tundu liko sentimita 3 chini ya bega. Hicho kibapa kinakuwa juu ya bega, kwenye kuba. Mwambie apige picha, huenda ni cha bomba la kuingizia maji.